Jaketi la manyoya, jaketi la fiba na mto wa sufi: kipi kinahimili maji ya Rufiji, na namna ya kufua na kukausha

Pale njia panda ya Nyamwage, barabara ya Utete inapoachana na ile ya Kibiti kwenda Lindi, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria alfajiri huwa na jaketi lililojazwa. Upepo wa pikipiki hauchagui msimu. Majaketi hayo karibu yote ni ya mitumba, na ukiyaona yamening'inia kwa muuzaji yanafanana: yametuna, yameshonwa mistari ya kukata, mepesi mkononi. Ndani yake hayafanani hata kidogo. Moja lina manyoya ya bata, jingine lina nyuzi za plastiki, na siku ya mvua tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mvaaji atafika Utete ana joto au anatetemeka.

Katika makala haya tunaeleza kilichomo ndani ya majaketi na maduveti hayo, kinachotokea yakilowa, na namna ya kuyafua na kuyakausha kwa jua na mikono bila kuyaharibu. Tutagusa na sufi yetu, maana nyumba nyingi za huku bado zinalalia mito na magodoro yake.

Kinachotia joto ni hewa

Jaketi halitengenezi joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya jaketi ni kulizuia lisitoroke. Kinacholizuia ni hewa iliyotulia, iliyonaswa katikati ya kitambaa cha nje na bitana. Manyoya, fiba na sufi vyote viko pale kwa kazi moja tu, nayo ni kuishika hewa isitembee na kuvitenga vitambaa viwili visigusane. Ndiyo maana jaketi lililotuna lina joto na lililosinyaa halina, hata kama uzito wake haujapungua.

Sasa fikiria maji yakichukua nafasi ya ile hewa. Maji hupitisha joto kwa wepesi zaidi ya mara ishirini kuliko hewa tulivu. Halafu kuna jambo la pili, nalo linawashangaza wengi: maji yanapokauka nguoni yanakula joto. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara saba ya lile linalohitajika kuichemsha lita hiyo hiyo kutoka ubaridi wa mtungini hadi ianze kutokota. Mtu anayesema "nitalivaa hivi hivi, litakaukia mwilini" anajitolea kulipa sehemu ya joto hilo kutoka mwilini mwake, na upepo wa pikipiki unaharakisha malipo.

Malaika ya bata, na unyoya wenye uti

Vile vinywele laini vya mkononi watu huviita malaika. Bata naye ana yake. Chini ya manyoya ya nje, hasa kifuani na tumboni, bata na bata bukini wana manyoya madogo yasiyo na uti wa katikati. Kila moja ni kitovu kidogo chenye nyuzi nyembamba sana zilizotawanyika pande zote kama ua la pamba. Ndege wa majini wanayahitaji kwa sababu wanakaa kwenye maji baridi. Kuku hana malaika ya namna hiyo, kwa hiyo anayefikiri kujaza duveti kwa manyoya ya kuku wa kienyeji atapata mto mzito unaochoma.

Malaika ya bata ndiyo yenye joto kubwa kuliko vyote kwa uzito wake. Kwenye baadhi ya majaketi utakuta namba imeandikwa mkononi au kwenye lebo, kama 550, 600 au 800. Si bei wala saizi. Inaeleza jinsi kiasi kidogo cha manyoya, kama gramu 28, kinavyotuna kikiachwa huru. Yenye namba 600 hutuna hadi kukaribia lita 10, yaani nusu ya ndoo kubwa ya maji ya lita 20, na uzito huo wote ni wa kijiko au viwili vya sukari. Namba ikipanda, jaketi jepesi zaidi linatoa joto lile lile.

Unyoya wa kawaida, ule wenye uti katikati, ni kitu kingine. Ni bapa, unashika hewa kidogo, na ncha ya uti hutoboa kitambaa. Viwanda huuchanganya na malaika ili kupunguza gharama. Ukiona kwenye lebo namba mbili zinazojumlika kuwa mia, kama 80 na 20, kwa kawaida ile ya kwanza ni asilimia ya malaika na ya pili ni asilimia ya unyoya wenye uti. Jaketi la 50 kwa 50 lina joto la wastani, na utalisikia likichomachoma begani.

Udhaifu wa malaika ni maji. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba tone likiingia zinagandana, kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Kile kilichojaza nusu ndoo kinakuwa donge la kujaa kiganjani. Vitambaa viwili vinagusana, hewa haipo, na jaketi linabaki kuwa shati zito lenye maji. Umande na jasho kidogo havilimalizi, lakini mvua ya masika ya nusu saa inalimaliza.

Fiba

Fiba ni nyuzi za poliesta, jamaa ya plastiki ya chupa za maji, zilizotandazwa kama blanketi nyembamba au kusokotwa kuwa vidonge vidogo. Uzi wenyewe haunywi maji. Maji yanakaa katikati ya nyuzi, si ndani yake, na kwa kuwa nyuzi ni ngumu kidogo hazilali zote. Jaketi la fiba lililolowa likikamuliwa linabaki limetuna kiasi na linaendelea kutoa sehemu ya joto lake. Linakauka pia mapema, mara nyingi kwa siku moja ya jua zuri.

Udhaifu wake ni kuchoka. Kila linapokandamizwa nyuzi zinakunjika, na baadhi hazinyooki tena. Majaketi ya mitumba yamekaa ndani ya robota lililobanwa kwa mashine kwa wiki na miezi, kwa hiyo unaponunua la fiba unanunua lililokwisha chakaa kiasi fulani. Lipime hapo hapo: libane kwa viganja viwili, hesabu hadi kumi, achia. Kama baada ya dakika moja bado limelala, lilivyo ndivyo litakavyobaki. La malaika lililo kavu hata likitoka limekandamizwa huinuka ukilikung'uta.

Kulijua lipi ni lipi

Anza na lebo ya ndani, mara nyingi iko ubavuni karibu na mshono wa chini. Herufi D, O, W, N ni malaika ya bata. Majaketi mengi hutoka Ujerumani, na huko huandikwa D, A, U, N, E, N. Neno linaloanza na F, E, A, T, H ni unyoya wenye uti. Neno refu linaloanza na P, O, L, Y ni fiba. Angalia lakini neno hilo limeandikwa kwa ajili ya sehemu ipi, maana kitambaa cha nje cha jaketi la manyoya mara nyingi nacho ni poliesta. Lebo huorodhesha kitambaa cha nje, bitana na ujazo kila kimoja kwa mstari wake, na kinachokuhusu ni ujazo.

Lebo nyingi zimekatwa au zimefutika. Hapo tumia vidole. Bana chumba kimoja cha jaketi kati ya kidole gumba na cha shahada na usugue. Fiba unaisikia kama karatasi laini ya kipande kimoja isiyokwenda kokote. Malaika yanakimbia na kubaki kama hakuna kitu, na hapa na pale unagusa kijiti chembamba cha uti. Kama kuna uzi umechomoza, uchomoe mmoja tu, uupeleke mbali na jaketi na uuguse kwa kiberiti. Unyoya unanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Fiba inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Sufi

Msufi tunaujua sote, na maganda yake yakipasuka upepo unajaza uwanja. Uzi wa sufi ni mrija mwembamba wenye hewa ndani na nta kwa nje. Nta hiyo inaukataa maji, na mrija unaelea. Kwa sababu hiyo sufi ilitumika miaka mingi kujaza maboya ya kuvaa ya mabaharia kabla ya vifaa vya kisasa. Kwa joto iko vizuri, wala haihitaji kiwanda.

Mambo mawili yanaiangusha. Uzi wake ni mkavu na unavunjika, kwa hiyo ukilaliwa usiku baada ya usiku unasagika na kugandamana, na ndiyo maana wazee huufumua mto, wakaichambua sufi kwa mikono na kuianika. Jambo la pili ni sabuni. Sabuni inaiondolea nta ile nguvu ya kukataa maji, na sufi iliyolowa kwa maji ya sabuni inakunywa na kuwa donge. Mto wa sufi haufuliwi ukiwa mzima. Unafua foronya na gunia lake, sufi yenyewe unaianika ndani ya chandarua kilichofungwa ili upepo usiichukue. Iweke mbali kabisa na jiko, kwa sababu inashika moto haraka kama nyasi kavu.

Jaketi la malaika likilowa: tulifuate hatua kwa hatua

Tuchukue dereva aliyetoka Nyamwage na mvua ikamkuta katikati ya njia ya Utete. Jaketi ni la malaika, likiwa kavu lilikuwa na uzito wa nusu kilo kwenye mizani ya duka. Uzito huo ni muhimu na tutaurudia. Jaketi jipya ukilinunua, lipitishe kwa mwenye duka la nafaka, lipime, uandike namba kwenye simu.

Akifika, jambo la kwanza ni kulivua na kuvaa shati kavu, hata kama ni jepesi. Shati kavu chini ya koti la mvua la plastiki lina joto kuliko jaketi hilo.

Kosa linalofuata kwa wengi ni kulinyanyua kwa bega au mkono mmoja na kulitundika kwenye kamba. Manyoya yaliyolowa ni mazito, yote yanakimbilia chini, na kuta nyembamba za ndani zinazotenga vyumba hupasuka. Zikipasuka hazirudi, na tangu hapo jaketi litakuwa na tumbo chini na mabega matupu. Linyanyue kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyombeba mtoto aliyelala. Lisisokotwe. Likunje, liweke kwenye beseni na ulikandamize kwa viganja mpaka maji yaache kutoka, kisha livingirishe ndani ya kanga kavu na ulikandamize tena.

Kama lina tope, huu ndio wakati wa kulifua. Beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya mche iliyoyeyushwa kwanza au shampuu ya nywele kiasi cha kijiko kimoja. Sabuni ya unga yenye nguvu tunaishauri ibaki kwa nguo nyingine, kwa sababu malaika yana mafuta kidogo ya asili yanayoyafanya yawe laini na yasinywe maji haraka, na sabuni kali inayaondoa. Jiki isikaribie kabisa. Unyoya umejengwa kwa kitu kile kile kinachojenga nywele na kucha, na jiki inakimumunya. Ukilowesha unyoya wa kuku ndani ya jiki isiyochanganywa na maji, utauona ukilegea na kuisha. Kandamiza jaketi ndani ya maji, usilisugue, kisha suuza mara tatu au nne mpaka povu liishe. Sabuni inayobaki ndani huacha madonge.

Baada ya hapo ni kukausha, na hapa ndipo majaketi mengi ya malaika hufa. Lilaze bapa juu ya wavu wa samaki uliotandazwa, au kitanda cha kamba, hewa ipite juu na chini. Kila baada ya saa moja hivi ligeuze, na kwa vidole vya mikono miwili tafuta madonge katika kila chumba uyavunje taratibu. Mwanzoni utaona kama kazi haiendi. Siku ya pili madonge yanaanza kufunguka na kitambaa kinainuka. Jioni liingize ndani kabla ya umande, maana hewa ya usiku ya delta inalirudishia maji uliyoyatoa mchana. Kwa jua la kiangazi hesabu siku mbili au tatu. Kwa masika inaweza kuwa wiki, na wiki hiyo ni hatari.

Kitambaa cha nje kitakauka saa chache tu na kukudanganya. Hapo ndipo mizani ya duka inapofanya kazi. Jaketi lililokuwa nusu kilo likipimwa gramu 600 siku ya tatu, bado limebeba gramu 100 za maji katikati ya manyoya, hata kama mkono hausikii unyevu. Endelea mpaka namba irudi ilipokuwa. Pua nayo ni kipimo. Manyoya yaliyolowa hunuka banda la bata, na harufu hiyo huisha yakikauka. Harufu ya uvundo, kama ya kikapu kilichosahaulika chini ya uvungu, ni ukungu. Ukifuatana na vidoa vyeusi kwenye bitana, lifue tena mara moja na lianike kwenye jua kali. Likirudia kunuka, limekwisha.

La fiba halihitaji utaratibu wote huo. Lifue kwa sabuni ya kawaida, likamue kwa kulikandamiza, litundike kivulini penye upepo au juani, limalize. Adui yake ni moto. Pasi ya mkaa inayeyusha nyuzi na kuzilaza milele, na cheche moja ya jikoni inatoboa kitambaa cha nje. Majaketi ya aina zote mbili hayakaushwi juu ya jiko.

Matandiko baada ya mafuriko

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaacha watu wa Rufiji na Kibiti na matandiko yaliyolala majini, na swali la nini kiokolewe na nini kitupwe litarudi kila mto unapopanda. Maji ya mafuriko si ya mvua tu, yamepitia vyooni. Ukungu nao hauhitaji muda mrefu, siku moja au mbili za unyevu na joto zinatosha kuuanzisha.

Duveti la fiba ndilo lenye nafasi kubwa ya kupona. Lifuliwe kwa maji ya moto yanayovumilika kwa mkono na sabuni nyingi, lisuuzwe kwa maji safi, lianikwe mpaka likauke kabisa. Duveti la malaika lililokaa siku nzima kwenye maji machafu hatulishauri lirudi kitandani, kwa sababu bila mashine ya kukaushia huwezi kuufikia uchafu wa ndani wala kulikausha kabla halijavunda. Mto wa sufi ufumuliwe siku hiyo hiyo. Sufi iliyopata maji ya mvua tu kutoka paa linalovuja inaweza kuchambuliwa na kuanikwa, lakini iliyozama kwenye maji ya mafuriko itupwe, kisha gunia lichemshwe na kujazwa upya msimu wa msufi. Mwenye pumu nyumbani asikung'ute matandiko yenye ukungu, wala asiyalalie.

Lipi linafaa huku

Kwa dereva wa Nyamwage sisi tungechagua fiba, nyembamba, na koti la mvua la plastiki juu yake. Kukicha kwa Julai huku hakuhitaji malaika, kunahitaji kitu kinachozuia upepo na kisichokufa kikilowa. Pesa ya ziada ya jaketi la manyoya ni bora iende kwenye koti la mvua.

Malaika yana mahali pake, na Tanzania ipo nayo. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalala kwenye baridi ya kugandisha maji, na pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia unaojulikana kama KPAP, ambao huwaazima nguo za mlimani. Hata huko, njia inapita kwanza msitu wa mvua kabla ya kufika juu kwenye ukavu, kwa hiyo jaketi la malaika hupanda likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na hutolewa jioni kambini. Kijana wa huku anayekwenda kufanya kazi Njombe au Makete anaweza kufanya vivyo hivyo: alivae ndani na usiku, alifiche kwa mvua.

Ukiwa nalo nyumbani wakati wa joto, litundike au lilaze wazi juu ya kabati. Usilisokote ndani ya begi wala kulibana chini ya godoro miezi sita. Unyoya ukichomoza kwenye kitambaa usiuvute nje, kwa sababu utapanua tundu na wenzake watafuata. Ushike kwa upande wa ndani kupitia bitana, uuvute urudi. Tundu la cheche ubandike kiraka cha kitambaa cha mwavuli uliokufa kwa gundi ya viatu, kiasi kidogo, uache kikauke siku nzima kabla ya kulivaa.